Nani, Lini na Wangapi: Uhakiki wa Maelezo ya Kikundi Kidogo cha Hisani, Mukuru kwa Njenga

Utangulizi

Kila kikundi cha hisani, hata kiwe kidogo namna gani, kina maandishi mafupi yenye kichwa kama "Sisi ni Nani". Maandishi hayo husomwa na mfadhili kabla hajafungua hesabu, na mzazi kabla hajampeleka mtoto wake. Husomwa pia na ofisa wa serikali kabla hajatia sahihi. Ni aya mbili au tatu tu, lakini ndizo zinazoamua kama msomaji ataamini yote yatakayofuata. Ajabu ni kwamba mara nyingi aya hizo ndizo dhaifu kuliko maandishi yote ya kikundi. Watu waliofanya kazi ya kweli kwa miaka mingi huielezea kwa maneno ambayo hata mtu asiyefanya lolote angeweza kuyaandika.

Makala haya yanachunguza udhaifu huo kwa kuichambua matini moja, kisha kuiandika upya. Hoja yake ni kwamba ukungu wa maandishi ya namna hii hautokani na msamiati peke yake. Unatokana zaidi na sarufi: viambishi na miundo inayomficha mtenda, inayoficha wakati, na inayoficha idadi ambayo sehemu fulani imetolewa humo. Mambo hayo matatu yakirudishwa, dhamira, mbinu na ushahidi wa kikundi huonekana. Aidha, yakirudishwa, huonekana pia yale ambayo kikundi chenyewe hakiyajui.

Mahali palipochaguliwa ni Mukuru kwa Njenga, kusini-mashariki mwa Nairobi, katika eneo la uwakilishi la Embakasi Kusini. Matini inayochambuliwa si ya kikundi chochote mahususi. Imetungwa kwa ajili ya uhakiki huu kwa kufuata mtindo wa kawaida wa maandishi hayo, na takwimu zinazohusu kikundi hicho ni za mfano. Kikundi kinachofikiriwa ni darasa la jioni la kufundisha watoto kusoma, katika chumba kimoja cha mabati cha kupanga.

Matini yenyewe

(1) "Sisi ni shirika lisilo la kiserikali ambalo huwawezesha watoto wasiojiweza katika mitaa ya mabanda kwa njia ya elimu bora na mbinu shirikishi, ili kuleta maendeleo endelevu. Kwa kushirikiana na wadau mbalimbali, huduma mbalimbali hutolewa kwa jamii, na maelfu ya watoto wamefikiwa. Matokeo yake, viwango vya elimu vimeinuka na matumaini yamerejea."

Hakuna kosa la sarufi katika matini hii. Sentensi zake zimesimama, na mwalimu wa insha asingekuwa na sababu ya kuipigia mstari mwekundu. Hata hivyo msomaji akiulizwa kikundi hiki hufanya nini saa kumi na moja jioni siku ya Jumatatu, hana jibu.

Dhamira

Kipimo cha kwanza cha dhamira ni kuikanusha. Je, kuna kikundi kitakachojitangaza kwamba hutoa elimu mbovu, au kwamba huleta maendeleo yasiyodumu? Hakuna. Kwa hiyo maneno "elimu bora" na "maendeleo endelevu" hayakitofautishi kikundi hiki na kingine chochote. Kipimo cha pili ni kuhamisha. Matini (1) ikipelekwa Kisumu au Temeke, pasipo kubadilisha hata neno moja, itafaa huko vilevile. Dhamira inayofaa kila mahali haijasema kitu kuhusu mahali ilipo.

Baada ya hapo yafaa kukitazama kitenzi chenyewe. "Wezesha" ni kauli ya kusababisha ya "weza". Muundo wake unamweka msemaji kuwa mtenda na watoto kuwa watendwa, lakini hautaji kinachowezekana. Kumwezesha mtu kufanya nini? Katika Kiswahili cha kawaida kitenzi hiki hudai kikamilisho: kumwezesha mtoto kusoma, kumwezesha mama kulipa kodi. Katika lugha ya miradi kikamilisho hicho kimekatwa, na kitenzi kimebaki kikielea. Mwandishi wa upya hana haja ya kukitupa kitenzi. Akidai kikamilisho chake, dhamira itajitokeza yenyewe. Kwa kikundi hiki jibu ni "kusoma hadithi fupi". Na likishasemwa hilo, "wezesha" halihitajiki tena, kwa kuwa neno lililo wazi zaidi ni "fundisha".

Maneno "wasiojiweza" na "mitaa ya mabanda" yanastahili uangalifu wa namna nyingine. Wasomaji wa kwanza wa maandishi haya ni wazazi wa Wape Wape, Sisal, Riara au Vietnam, vijiji ambavyo wakazi wenyewe huvitaja kwa majina. Shirikisho la wakazi wa makazi ya aina hii, lililoanzishwa mwaka 1996, lilijiita Muungano wa Wanavijiji, wala halikujiita muungano wa wasiojiweza. Mzazi anayelipa kodi ya chumba na karo ya shule ya binafsi ya mtaani hawezi kujitambua katika neno hilo. Na maandishi ambayo wahusika wake hawajitambui ndani yake yamekwisha kupoteza shahidi wake wa karibu.

Liko pia neno "shirika lisilo la kiserikali". Nchini Kenya hilo ni jina la kisheria, na mtu anaweza kulihakiki. Sheria ya mwaka 1990 iliyosimamia mashirika hayo imebadilishwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ambayo ilipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vidogo vya mtaani kwa kawaida huandikishwa kwa utaratibu mwingine, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Kikundi chenye cheti cha kikundi cha kijamii kikijiita shirika lisilo la kiserikali, kimeanza maelezo yake kwa kosa ambalo ofisa yeyote ataligundua. Atakayeligundua hatalazimika kukishuku kwa udanganyifu. Itatosha akishuku kwamba na mengine yameandikwa bila kuangaliwa.

Mbinu

Katika matini (1) mbinu imeelezwa kwa neno moja, "shirikishi", na kwa sentensi moja, "huduma mbalimbali hutolewa kwa jamii". Vivumishi vya namna ya "shirikishi" na "endelevu" vimenyambuliwa kutokana na vitenzi, lakini vimepoteza kile ambacho kitenzi hubeba: nafsi na wakati. Kitenzi "washirikisha" kinauliza nani anamshirikisha nani. Kivumishi "shirikishi" hakiulizi kitu.

Sentensi ya pili ina hila kubwa zaidi ya sarufi. Kiambishi "hu-" hakikubali kiambishi cha nafsi mbele yake, wala hakionyeshi wakati maalumu. Kikitumika pamoja na nomino ya mtenda, kama "walimu hufundisha", hakuna kinachopotea ila tarehe. Lakini hapa kimeungana na kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Msomaji hawezi kujua ni nani anayetoa, wala kama kazi hiyo ilifanyika jana au ilikoma miaka mitatu iliyopita. Nomino "jamii" inakamilisha ukungu huo. Kwa kuwa huchukua upatanisho wa umoja, watu arobaini na sita wenye umri na matatizo mbalimbali wanakuwa kitu kimoja kinachopokea.

Dawa yake ni nyepesi kuitaja, lakini ni nzito kuitenda. Kila kitenzi kipewe mtenda. Kila tendo lipewe siku na mahali. Walimu ni wangapi, na wanalipwa au wanajitolea? Watoto hukutana mara ngapi kwa juma, kwa muda gani? Wanapangwa kwa umri au kwa kiwango cha kusoma? Swali la mwisho ndilo kiini cha mbinu, kwa kuwa linaonyesha sababu ya kutarajia mafanikio. Mtoto wa gredi ya tano asiyejua silabi akikalishwa na wenzake wa umri wake hapati somo linalomfaa. Akikalishwa na walio katika kiwango chake hupata. Sentensi moja inayosema hivyo ina nguvu kuliko kurasa za "mbinu shirikishi", maana msomaji anaweza kuipinga.

Ushahidi

"Maelfu ya watoto wamefikiwa." Kabla ya kuilaumu sentensi hii ni haki kuonyesha jinsi inavyozaliwa. Darasa lenye wastani wa watoto 40 kila jioni, likikutana mara tatu kwa juma kwa majuma 36, linapata mahudhurio 4,320 kwa mwaka. Daftari la mahudhurio linaonyesha idadi hiyo kwa haki kabisa. Kosa linatokea pale mwandishi anapogeuza mahudhurio kuwa watoto. Kitenzi "fikia" kinampa nafasi ya kufanya hivyo, kwa sababu mtoto yule yule anaweza kufikiwa mara mia. Mfadhili akija kuona maelfu na kukuta chumba chenye watoto arobaini, kazi njema itaonekana kama kazi iliyofeli. Hasara hiyo inaletwa na neno moja.

Kosa la pili limo katika kiambishi "-me-". "Viwango vya elimu vimeinuka" ni kauli ya hali iliyofikiwa na inayodumu hadi sasa. Haionyeshi iliinuka kutoka wapi, lini, wala nani aliipima. Mukuru kwa Njenga yenyewe ni onyo dhidi ya takwimu zisizo na tarehe. Mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa huko ili kupisha barabara. Mwezi Aprili na Mei 2024 mafuriko yalivamia makazi yaliyo kando ya Mto Ngong, na nchini kote ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Takwimu ya wakazi au ya wanafunzi iliyokuwa kweli mwezi Septemba 2021 inaweza kuwa uongo mwezi Januari uliofuata, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya.

Namna nzuri ya kupima imekwisha kuwapo katika Afrika Mashariki. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa nchi za Kenya, Tanzania na Uganda, uliwapima watoto majumbani mwao kwa ngazi chache zinazoeleweka na kila mtu: silabi, maneno, aya, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Uzuri wa ngazi hizo kwa kikundi kidogo ni kwamba mzazi anaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kumpa mtoto ukurasa asome.

Tuseme basi kwamba mwaka 2024 kikundi kiliandikisha watoto 46 mwezi Januari na kuwapima. Mwezi Oktoba kiliwapima waliobaki, 35, na 14 kati yao wakasoma hadithi. Hapa ndipo uaminifu unapojaribiwa. Kumi na nne kati ya 35 ni asilimia 40. Kumi na nne kati ya 46 ni takriban asilimia 30. Takwimu zote mbili ni sahihi, lakini swali linalojibiwa si moja. Ya kwanza inajibu waliobaki walifikia wapi. Ya pili inajibu mzazi anayeandikisha mtoto leo anaweza kutarajia nini. Mwandishi anayetoa asilimia bila kutaja jumla yake amelificha swali.

Kuna jambo la ndani zaidi. Watoto 11 waliondoka. Je, walikuwa wa kiwango gani walipoanza? Ikiwa 6 kati yao walikuwa miongoni mwa wale wasiojua silabi, basi wastani wa darasa ulipanda kwa sehemu fulani kwa sababu walio dhaifu hawakuwapo mwezi Oktoba. Kikundi kinaweza kulitambua jambo hili kwa kufungua daftari la Januari na kuweka alama mbele ya majina ya walioondoka. Ni kazi ya nusu saa. Jambo ambalo daftari haliwezi kulitatua ni sababu. Watoto hawa husoma shuleni mchana, na baadhi yao wangeendelea hata bila darasa la jioni. Pasipo kundi jingine la kulinganisha, kikundi kinaweza kusema watoto walitoka wapi wakafika wapi. Hakiwezi kusema kwamba chenyewe ndicho kilichowafikisha.

Matini iliyoandikwa upya

(2) "Sisi ni kikundi cha kijamii cha Mukuru kwa Njenga, upande wa Wape Wape. Tunawafundisha kusoma watoto wa gredi ya tatu hadi ya sita ambao bado hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili.

Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati wa mihula ya shule. Walimu ni watatu. Wawili hupata posho na mmoja anajitolea. Watoto tunawapanga kwa kiwango cha kusoma na si kwa umri, kwa sababu mtoto asiyejua silabi hafaidiki na somo la aya. Tunawapima wanapoanza na wanapomaliza mwaka.

Januari 2024 tuliandikisha watoto 46. Wanane hawakujua silabi, 21 walijua silabi lakini hawakusoma maneno, na 17 walisoma maneno lakini si aya. Oktoba tuliwapima 35: watoto 14 walisoma hadithi, 12 walisoma aya, na 9 walikuwa chini ya hapo. Watoto 11 waliondoka kabla ya Oktoba, wengi wao baada ya familia kuhama wakati wa mafuriko. 6 kati ya hao ni miongoni mwa wale wasiojua silabi. Watoto wetu husoma pia shuleni mchana, kwa hiyo hatudai kwamba maendeleo yote yametokana na darasa hili. Bado hatujapata njia nzuri ya kuwafuata wanaohama."

Matini (2) ni ndefu kuliko (1), na imekiri mambo ambayo (1) iliyaficha. Hata hivyo ndiyo inayoaminika, na sababu zake zaweza kuonyeshwa. "Hu-" limebaki pale tu ambapo mtenda ametajwa na tendo ni la desturi kweli. Matukio ya mwaka 2024 yamechukua "-li-" na mwezi wake. Idadi 46 imegawanyika bila kubaki: 8, 21 na 17 mwanzoni, 35 na 11 mwishoni. Msomaji akijumlisha atapata jumla ile ile, na kujumlisha huko ndiko kunakomfanya aamini hata yale asiyoweza kuyahakiki.

Mahali pa hatari

Mwandishi anayekimbia ukungu anaweza kuanguka upande wa pili. Baada ya kushauriwa kuwa mahususi, vikundi vingi huongeza kisa cha mtoto mmoja: gredi yake, kijiji chake, ugonjwa wa mama yake. Katika kijiji ambacho vyumba vinapakana ukuta kwa ukuta, kuficha jina hakumfichi mtoto huyo. Umahususi unaotakiwa ni wa kazi ya kikundi, si wa siri za watoto. Matini (2) haina kisa hata kimoja, na haikupungukiwa.

Hatari ya pili ni kudhani kwamba kuandika upya kunaweza kuleta ushahidi usiokuwapo. Kikundi ambacho hakikupima mwezi Januari hakiwezi kusaidiwa na mwandishi yeyote mwezi Oktoba. Kinachoweza kuandikwa kwa haki ni mbinu, idadi ya walioandikishwa, na sentensi moja inayosema upimaji utaanza lini. Sentensi hiyo pia ina mtenda na tarehe, na mwaka ujao msomaji anaweza kurudi kuuliza.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba wafadhili wenyewe ndio wanaodai lugha ya matini (1). Ni kweli kwamba maneno "wadau", "shirikishi" na "endelevu" yamekuja pamoja na fomu zao. Lakini historia ya Mukuru yenyewe inaonyesha njia nyingine. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la mpango maalumu, tangazo hilo lilitanguliwa na miaka ya utafiti ambao wakazi walishiriki kuufanya. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba mkazi wa Mukuru, anayenunua maji kwa mtungi, hulipa kwa kila lita bei kubwa kuliko mkazi wa mtaa wenye mabomba. Hoja hiyo haina neno "wasiojiweza". Ina mnunuzi, kipimo na bei, nayo ilisikika katika ofisi za kaunti.

Darasa la jioni lenye watoto 46 haliwezi kufanya utafiti wa kiasi hicho, wala halidaiwi kufanya hivyo. Linaloweza kufanya ni kuandika majina katika daftari mwezi Januari, kuyafungua tena mwezi Oktoba, na kusema ni nani aliyefundisha, lini, na wangapi walibaki.